Barua pepe kali kuhusu utoro kazini: jinsi ya kuiandika upya bila kuilegeza

Tuchukue mfano wa stoo moja ya kusambaza bidhaa kule Industrial Area, Nairobi. Ni Jumatatu asubuhi, lori la Nakuru liko getini linasubiri kupakiwa, na karani mwenye funguo hajafika. Simu yake haipatikani. Meneja anaketi na kuandika:

> Mada: UTORO!!!
>
> Mutua,
>
> Nimechoka na visingizio vyako. Kila siku unachelewa, na siku ukijisikia huji kabisa. Wenzako ndio wanafanya kazi yako na wewe unakula mshahara wa bure. Kama kazi huitaki sema, kuna vijana wengi huko nje wanaitafuta. Hii ni mara ya mwisho nakuonya. Ukikosa tena hata siku moja usijisumbue kurudi.

Kwenye Cc ameweka wafanyakazi wote wa stoo, ili wajifunze.

Hasira ya meneja huyu ina msingi, kwa sababu lori lililochelewa lina mteja anayelisubiri. Lakini barua aliyoandika ni dhaifu. Inasikika kali, ila haina tarehe hata moja, haisemi ni saa ngapi mtu anatakiwa kufika, haimwambii afanye nini akipatwa na dharura, na inatoa tishio ambalo kisheria meneja hawezi kulitimiza. Mutua akiisoma atabaki na neno moja tu, kwamba ametukanwa mbele ya wenzake. Suala la kufika kazini litakuwa limepotea.

Tutaiandika upya hatua kwa hatua. Jina Mutua ni la mfano tu.

Kwanza, fungua daftari kabla ya kugusa sentensi yoyote

Iache barua ya kwanza kwenye rasimu, na sehemu ya anwani uifute kabisa ili isije ikatumwa kwa bahati mbaya. Kisha chukua kumbukumbu za mahudhurio: daftari la getini, mashine ya alama za vidole, chochote mnachotumia. Weka kando yake fomu za likizo, ujumbe wa simu wa msimamizi wa zamu, na karatasi za kutumwa nje. Pitia siku moja baada ya nyingine.

Kwa Mutua, meneja alichukua kipindi cha kuanzia tarehe 2 hadi 30 Mei. Siku za kazi zilikuwa 21. Alikuta hakufika kabisa siku tatu, tarehe 12, 15 na 26. Alichelewa siku tano. Siku 13 zilizobaki alifika kwa wakati.

Halafu likatokea jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko mameneja wanavyodhani. Tarehe 15 Mutua alikuwa ameomba ruhusa na msimamizi wa zamu akamkubalia kwa simu, ila hakuiandika popote. Siku hiyo ikatolewa kwenye hesabu. Zikabaki siku mbili za kutofika bila taarifa, zote Jumatatu, na siku tano za kuchelewa.

Sasa linganisha na maneno "kila siku unachelewa". Kama barua ile ingetumwa, Mutua angejibu kwa sentensi moja tu: tarehe 15 nilipewa ruhusa na fulani. Na angekuwa sahihi. Mtu akikukuta na kosa moja kwenye barua ya nidhamu, hata yale ya kweli uliyoandika yanaanza kutiliwa shaka. Kwa hiyo idadi ndogo iliyo sahihi ina nguvu kuliko "kila siku", na hapa ndipo ukali wa barua yenyewe unapotoka.

Daftari pia linakuonyesha mpangilio. Jumatatu mbili ni jambo la kuuliza, si la kuhukumia. Huenda mtu alikuwa ameenda nyumbani mwisho wa wiki akakwama njiani. Huenda ana mgonjwa anayepelekwa kliniki Jumatatu. Huenda pia ni pombe. Kwenye barua usiandike lolote kati ya hayo. Andika tarehe, na useme zote ni Jumatatu ukiona inafaa, basi.

Pili, pima kila sentensi ya zamani

Chukua barua ya kwanza na kwa kila sentensi jiulize: hii inasema jambo gani ambalo mtu wa tatu anaweza kulihakikisha?

"Nimechoka na visingizio vyako" inasema habari za meneja, na inaita maelezo ya mwenzako uongo kabla hajayatoa. Itolewe yote. "Unakula mshahara wa bure" ni tusi, na tena si kweli kwa mtu aliyefika kwa wakati siku 13. Itolewe.

"Wenzako ndio wanafanya kazi yako" ina kitu ndani yake. Kuna madhara halisi hapa, ila yamefichwa kwenye lawama. Madhara yaandikwe kama yalivyotokea: tarehe 26 lori la Nakuru lilitoka saa tano badala ya saa mbili na nusu, na mteja akapokea mzigo wake siku iliyofuata. Sentensi hiyo haina hata neno moja kali, lakini Mutua akiisoma ataona lori lile limesimama getini. Tahadhari moja tu. Funguo za stoo kuwa kwa mtu mmoja ni uamuzi wa meneja, si wa karani. Tengeneza funguo za ziada wiki hiyo hiyo, na kwenye barua usimbebeshe Mutua hasara yote kana kwamba mpangilio wa stoo ni wake.

"Kuna vijana wengi huko nje" ni maneno ambayo kila mtu aliyeajiriwa Nairobi ameyasikia au anayaogopa. Hayamfundishi mtu kuamka mapema. Yanamfundisha kuanza kutafuta kazi kwingine kimyakimya, akitumia siku za kutofika kwenda kwenye usaili.

"Hii ni mara ya mwisho nakuonya" inahitaji kuwe na mara ya kwanza. Meneja alipotafuta kwenye faili hakukuta onyo lolote la maandishi. Yale aliyowahi kumwambia kwa mdomo pale mlangoni hayana tarehe wala shahidi. Basi barua hii ndiyo ya kwanza, na iandikwe kama ya kwanza.

Tatu, jua sheria inakuruhusu kusema nini

"Usijisumbue kurudi" ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inataja kutofika kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi papo hapo. Mameneja wengi wanakijua kifungu hicho, na wanaishia hapo. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo. Hata kwa kosa la kufukuzwa papo hapo, haki ya kusikilizwa ipo. Barua inayosema umeshafukuzwa kabla ya kusikilizwa inaweza kurudi siku moja kama ushahidi dhidi ya aliyeiandika, mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hilo la lugha anayoielewa lichukulie kwa uzito. Ikiwa wewe na Mutua mnazungumza Kiswahili stoo kutwa nzima, mwandikie Kiswahili. Kumwandikia kwa Kiingereza cha wanasheria siku ya kumkosoa tu ni kumweka mbali nawe.

Mambo mawili mengine ya sheria hugusa barua za aina hii. La kwanza ni mshahara. Kifungu cha 19 kinaruhusu mwajiri kukata hadi mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mtu hakuwepo siku nzima bila ruhusa wala sababu halali. Kinazungumzia siku nzima. Usitumie kifungu hicho kutishia kukata pesa kwa dakika 20 za kuchelewa. La pili ni ugonjwa. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana haki ya angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12, akileta cheti cha daktari. Kwa hiyo omba cheti, usiombe jina la ugonjwa. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na barua pepe husomwa na watu wengi kuliko unavyodhani.

Nne, chagua vitenzi

Hapa ndipo barua nyingi zilizorekebishwa huharibika upande wa pili. Meneja akiambiwa apunguze ukali, anaandika: "Ningeomba kama itawezekana ujaribu kufika mapema kidogo." Hiyo si heshima. Ni kumwachia mtu abahatishe. "Jaribu" inampa ruhusa ya kushindwa, na "mapema kidogo" haina saa.

Tenganisha mambo mawili. Linalohusu utu wa mtu, kama kuja kwenye kikao na kutoa maelezo, tumia "nakuomba" au "ningependa". Linalohusu sharti la kazi, tumia "unatakiwa" na saa yenyewe, mara moja, bila kulirudia na bila alama za mshangao. "Nakuomba tukutane Alhamisi" na "unatakiwa kuwa stoo saa mbili kamili" zinaweza kukaa kwenye barua moja bila kugombana. "Tafadhali" moja inatosha. Zikifika nne, msomaji anaanza kuhisi kejeli.

Mtaje kwa heshima ile ile unayotumia siku nyingine. Kama ni Bwana Mutua kila siku, asigeuke Mutua mtupu leo. Na kama kila siku unamwita Mutua, usimgeuze "Mhusika". Kauli kama "imebainika kuwa" au "uongozi umesikitishwa" zinamficha mwandishi. Wewe ndiye unayeandika, kwa hiyo sema "nakuandikia" na "daftari linaonyesha".

Saa ziandike kwa maneno na useme ni asubuhi au jioni. Ukiandika 2:00 kwa mtu ambaye simu yake inaonyesha 8:00, umempa mwanya wa kusema hakuelewa, na pengine kweli hakuelewa.

Sifa zinazopachikwa mwanzoni, za "wewe ni mfanyakazi mzuri sana, lakini", mimi siziweki. Msomaji anaruka hadi kwenye "lakini", na sifa yenyewe inaonekana chambo. Kama hesabu za Mutua za mzigo ni safi, mwambie kwenye kikao ukimwangalia usoni.

Tano, iandike

Hii ndiyo barua baada ya kazi yote hiyo. Imeandikwa Jumanne, tarehe 3 Juni. Inamwendea Mutua peke yake, na nakala kwa afisa wa wafanyakazi.

> Mada: Mahudhurio yako ya Mei, na kikao cha Alhamisi tarehe 5 Juni
>
> Bwana Mutua,
>
> Habari ya asubuhi. Nakuandikia kuhusu mahudhurio yako kati ya tarehe 2 na 30 Mei.
>
> Daftari la getini linaonyesha kuwa hukufika kazini Jumatatu tarehe 12 na Jumatatu tarehe 26, na hatukupata taarifa kutoka kwako siku hizo. Pia ulifika baada ya saa mbili asubuhi tarehe 7, 13, 20, 22 na 29, kwa kuchelewa kati ya dakika 20 na 50. Ukiona kuna tarehe ambayo si sahihi, nijulishe.
>
> Tarehe 26 lori la Nakuru lilitoka saa tano badala ya saa mbili na nusu asubuhi, na mteja alipokea mzigo siku iliyofuata.
>
> Sijasikia maelezo yako, na ningependa kuyasikia kabla ya kuamua lolote. Nakuomba tukutane ofisini kwangu Alhamisi tarehe 5 Juni, saa nne asubuhi. Afisa wa wafanyakazi atakuwepo, na unaweza kuja na mwenzako wa kazini. Kama una cheti cha daktari au karatasi nyingine inayohusu siku hizo, njoo nayo. Kama kuna jambo ambalo hungependa nilijue mimi, mweleze afisa wa wafanyakazi peke yake.
>
> Kuanzia leo, unatakiwa kuwa stoo saa mbili kamili asubuhi kila siku ya kazi. Siku ambayo huwezi kufika, au unaona utachelewa, mpigie simu msimamizi wa zamu wewe mwenyewe kabla ya saa moja na nusu asubuhi.
>
> Ukikosa kufika tena bila ruhusa au sababu halali, suala hili litapelekwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kufuata kanuni za kampuni, na utapewa nafasi ya kujitetea. Kikao hicho kinaweza kutoa onyo la maandishi.
>
> Tafadhali nijibu leo kuthibitisha kuwa Alhamisi utakuwepo.
>
> Meneja wa stoo

Tazama aya ya mwisho kabla ya "tafadhali". Ile ya zamani ilitishia kufukuza. Hii inataja hatua moja tu inayofuata, ambayo kampuni kweli inaweza kuichukua, na kwa utaratibu wake. Mtu mzima akisoma hapo anajua hasa kitakachotokea, na anajua si mchezo. Kama kanuni za kampuni yenu zinaanza na onyo la mdomo, andika hilo. Usitaje hatua ambayo haimo kwenye kitabu chenu.

Sentensi ya "ukiona kuna tarehe ambayo si sahihi" inawatia wasiwasi mameneja, wakidhani inaonyesha udhaifu. Iache. Asipopinga tarehe yoyote, sasa mna hesabu moja mnayoikubali wote wawili. Akipinga na ana haki, afadhali ujue leo.

Sita, kuituma

Usitume Ijumaa jioni, maana mtu atakaa na barua hiyo siku mbili bila mtu wa kumuuliza. Asubuhi ya katikati ya wiki inafaa. Kabla ya kubonyeza, mwite kando dakika mbili na umwambie: "Bwana Mutua, nitakutumia barua pepe kuhusu mahudhurio. Isome, halafu Alhamisi tuzungumze." Kumwambia kwa mdomo kwanza kunaondoa ule mshtuko wa kuikuta kwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Na wale wenzake wa stoo? Wasiwemo. Kama kuna tatizo la wengi kuchelewa, wape wote tangazo lao lisilotaja jina la mtu.

Saba, majibu

Akijibu kwa hasira, usijibizane naye kwenye barua pepe. Andika sentensi moja: "Nimepokea, tutazungumza Alhamisi saa nne." Akijibu kwamba ni foleni ya Mombasa Road au mvua, lipokee kama maelezo na uliweke kwenye mizani. Mvua za Mei zinaweza kumchelewesha yeyote siku moja. Siku tano katika mwezi zinamaanisha anatoka nyumbani akiwa amechelewa, au amehamia mbali, na hilo mnaweza kulizungumza: labda zamu ya saa tatu ingemfaa kama ipo.

Huenda pia akaja na jambo zito. Tuseme Mutua anaeleza kwamba Jumatatu zile mbili alimpeleka mtoto kliniki na simu ilikuwa imezimika. Barua yako haijaharibika, kwa sababu haikumwita mwongo popote. Mnaweza kupanga likizo kwa Jumatatu za kliniki zinazofuata, na sharti la kupiga simu kabla ya saa moja na nusu likabaki pale pale. Angekuwa ni mama mjamzito ndiye aliyekosa siku za kliniki, ungetakiwa uangalifu zaidi, kwa sababu kifungu cha 46 kinakataza ujauzito kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi au kumwadhibu.

Barua hii haimfai mtu aliyetoweka siku kadhaa mfululizo bila simu. Huyo anahitaji kwanza kutafutwa, kwa simu yake na ya ndugu ambaye namba yake aliiandikisha kazini, na kila jaribio liandikwe tarehe na saa. Baada ya hapo ndipo aandikiwe barua ya kutakiwa kujieleza.

Kikao kikiisha, andika siku hiyo hiyo mistari michache: alieleza nini, mmekubaliana nini, mtaangalia tena lini. Kwa Mutua ilikuwa hivi:

> Bwana Mutua, asante kwa kikao cha leo. Tumekubaliana kuwa Jumatatu tarehe 9 na 23 Juni utakuwa likizo ya siku moja moja, na siku nyingine utakuwa stoo saa mbili kamili asubuhi. Msimamizi wa zamu ana funguo za pili. Tutaangalia daftari pamoja Jumatatu tarehe 7 Julai. Kama kuna nililokosea hapa, nijulishe kesho kabla ya saa sita mchana.

Tarehe hiyo ya Julai iweke kwenye kalenda yako sasa hivi. Ikifika na daftari liko safi, mwandikie pia useme hivyo, na nakala iende kwenye faili lile lile lenye barua ya kwanza.